Dakika ine zikalipiwa saba: namna ya kusoma bei ya kuita simu ya inje

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye kuuzisha vikwembe ku soko Virunga hapa Goma aliingia ku biro yetu na karatasi mukononi, kasirani mpaka ku macho. Aliweka dola 5 za kredi juu ya kuita mutoto wake Bruseli, walisema kama dakika ine hivi, akabakia na senti 94. Yeye alisoma ku afishi bei ni dola 0.50 dakika, kwa hiyo ine mara 0.50 ni dola 2, sasa zile zingine zilienda wapi? Mama alisema wameniiba. Tukamwambia mama kaa kwanza, leta telefoni, tuangalie istorike ya simu.

Istorike njo inasema ukweli, juu inaonyesha kila simu na segonde zake. Tulikuta simu ine za siku ile: ya kwanza segonde 12, ya pili dakika 1 na segonde 5, ya tatu segonde 40, ya mwisho dakika 2 na segonde 8. Ukijumlisha inafika segonde 245, ni kusema dakika 4 na segonde 5. Mama alikuwa na haki kabisa, alisema dakika ine. Lakini rezo haikujumlisha hivyo.

Rezo yenye alitumia inahesabu dakika nzima nzima. Ukisema segonde 12 unalipa dakika moja. Ukisema dakika 1 na segonde 5, zile segonde tano zinakula dakika ya pili yote. Basi hesabu ikakuwa 1, kisha 2, kisha 1, kisha 3, jumla dakika 7. Na tena ile simu ya segonde 12 mutoto hata hakuitika, ni mesajeri njo iliitika, ile sauti ya bibi mwenye kusema acha ujumbe. Simu ikiwa inasona tu haulipi kitu, lakini mesajeri ikifunguka ni kama mutu ameitika, saa inaanza kutembea. Ukisikia ile sauti kata palepale, hata kama kwa dakika nzima nzima umekwisha kupoteza moja.

Kuko na kitu ya pili. Chini ya ile afishi kulikuwa herufi mbili ndogo: HT. Maana yake bei bila takse. Kwetu Kongo TVA ni 16%, kwa hiyo 0.50 inakuwa 0.58 ku kredi yako. Ukikuta TTC, takse iko ndani tayari. Sasa piga hesabu: dakika 7 mara 0.58 ni dola 4.06. Toa ku dola 5, inabakia 0.94. Senti 94 zenye mama aliona ku ekran, bila hata moja kupotea. Hakuna mutu alimuiba, lakini mie pia naona herufi ndogo hivyo ku afishi kubwa hivyo si ya kusifia.

Kama ingekuwa rezo yenye kuhesabu kwa segonde, kwa bei ileile, segonde 245 zingemukula dola 2.37. Bei ya dakika ni moja, lakini mufuko unatoa karibu mara mbili. Kwa hiyo mutu akikuambia rezo fulani iko 0.45 na ingine 0.50, swali si paka ile namba, uliza inahesabiwa namna gani. Wakati mwingine ku karatasi ya bei inaandikwa kifupi: 60/60 ni dakika nzima nzima, 1/1 ni segonde kwa segonde, 60/1 ni dakika ya kwanza nzima kisha segonde kwa segonde. Hii ya tatu inadanganya watu sana, juu wanaitangaza kwamba ni ya segonde.

Kama hawaandike, jipimie mwenyewe. Angalia kredi, ita mutu yenye unajua ataitika, museme segonde kumi, kata, angalia kredi tena. Ikienda bei ya dakika nzima, bado haujajua kama ni 60/60 ao 60/1, basi ita tena useme dakika 1 na segonde kumi. Ikikata dakika mbili nzima, ni 60/60. Ile jaribio itakukula kredi kidogo lakini unaifanya mara moja tu. Na uifanye ku namba ya aina moja na ile unaita kila siku, juu bei ya Ubeljiji si moja: +32 yenye inafuatwa na 47, 48 ao 49 ni telefoni ya mukono, +32 2 ni fikse ya Bruseli, na mara mingi ya mukono iko juu, sababu operateri wa hapa analipa ule wa kule juu ya kupitisha simu. Hata Gisenyi, yenye tunaenda kwa miguu, ni +250, ni inje, inalipiwa kama inje.

Sasa tuje ku simu ya intaneti. Hapa hakuna bei ya dakika, unalipa mega, basi unapashwa kuitafuta wewe mwenyewe. Ku WhatsApp ingia Paramètres, kisha Stockage et données, kisha Utilisation réseau. Pale unaona mega za simu, zenye zilitumwa na zenye zilipokelewa. Andika, sema dakika kumi ya sauti bila video, rudi uangalie. Sisi tulifanya na telefoni ya mama pale pale: mega 2.1 zilienda, 2.4 zikaingia, jumla 4.5, ni kusema karibu nusu ya mega ku dakika. Jumlisha zote mbili, juu forfe inakata zote mbili, watu wengi wanahesabu upande moja.

Tuseme forfe yako ni dola 1 kwa mega 300, masaa 24. Nusu ya mega ni kama sehemu moja ya sita ya senti. Dakika ine za mama hazifike hata senti moja! Ila iko mutego: kama ulinunua ile forfe paka juu ya ile simu, na kesho mega zingine zinakufa, ile simu haikukulipisha senti moja, ilikulipisha dola 1. Kwa rezo ya segonde, dola 1 inakupa segonde 103 ku bei ya 0.58. Basi kama hauna mega, na unataka kusema tu "nimepata makuta, asante", tumia kredi. Kama mutazungumuza harusi ya shangazi, nunua forfe.

Na ukiita na mega zenye zimeisha, angalia, operateri wengine wanaanza kukata ku kredi kwa bei ya inje ya forfe, yenye iko juu sana. Mbaya zaidi, si simu peke yake inakula: picha za magrupu na mises a jour zinakula pembeni. Zima donne mara tu forfe inaisha.

Mama alituuliza mbona basi siku ile hakutumia WhatsApp. Alikuwa ametumia, ikasona weee ku sikio yake tu, mutoto hakuitika, juu donne yake ilikuwa imezimwa ku kazi. Ku ekran ilibakia imeandikwa Appel, haikugeuka Ça sonne, ni kusema telefoni ya kule haikupata kitu. Pale simu ya kredi njo inafika, haiombe intaneti. Tulimupangia hivi: ukiona Appel haigeuke, ita na kredi segonde kumi na tano, umwambie washa donne, kata, kisha murudie ku WhatsApp. Inamukula dakika moja, dola 0.58.