Orodha ya IP za malipo haikai vilevile

Mwenye duka la mtandaoni anaweza kudhani: "Nikisharuhusu IP za kampuni ya malipo pekee kutuma taarifa za malipo kwenye seva yangu, kazi imekwisha."

Kwa muda mambo huenda sawa. Lakini kampuni hizo huongeza seva, na orodha wanayoichapisha hubadilika. Chukua duka la kahawa la mtandaoni hapa Moshi: pesa imeingia, ila oda inasoma "haijalipwa", tena kwa baadhi ya wateja tu. Taarifa za malipo zinazotoka kwenye anwani mpya za kampuni ndizo zinazozuiwa. Kama unatumia Nginx, tazama:

```
grep "forbidden by rule" /var/log/nginx/error.log
```

IP utakayoiona ilinganishe na orodha ya leo ya kampuni. Ikiwemo, iruhusu. Skripti ya kila siku ifanye ulinganisho huo, na ikipakua faili tupu, ibakize orodha ya zamani. Hata kwa IP iliyoruhusiwa, saini ya ujumbe bado ihakikiwe.