Faida inapitia wapi? Kupima upatanishi katika tasnifu

Katika tasnifu nyingi ninazopitia, mwanafunzi hudai kwamba kigeu fulani kinapatanisha viwili vingine, yaani athari ya kimoja hukifikia kingine kupitia hicho, kisha huonyesha tu kwamba kila uhusiano ni muhimu kitakwimu. Hiyo haitoshi, kwa sababu kinachodaiwa ni njia nzima, na njia hiyo ina kipimo chake.

Tuchukue mama lishe waliohudhuria mafunzo ya biashara kwa siku kati ya 0 na 5. Dhana yetu ni kwamba mafunzo huongeza faida kwa kuwa humfanya mtu aandike mapato na matumizi yake. Takwimu hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Rigresheni ya kwanza inaonyesha kwamba kila siku ya mafunzo huongeza siku 2 za kuandika daftari kwa mwezi. Hiyo ni a. Ya pili inaweka mafunzo na daftari pamoja: kila siku ya kuandika huendana na ongezeko la shilingi 3,000 za faida kwa wenye mafunzo sawa, nayo ni b, ilhali kila siku ya mafunzo, daftari likibaki vilevile, huongeza shilingi 4,000. Hizo 4,000 ndizo athari ya moja kwa moja, yaani c. Athari isiyo ya moja kwa moja ni 2 × 3,000, yaani shilingi 6,000, na athari jumla ni 10,000.

Ukiendesha rigresheni ya faida kwa mafunzo peke yake, lazima upate 10,000 hiyohiyo. Usipoipata, kagua idadi ya watu katika kila rigresheni: mara nyingi walioacha swali la daftari wameondolewa katika moja na kubaki katika nyingine.

Kinachopimwa sasa ni zile 6,000. Mgawanyo wa a × b kwa kawaida huegemea upande mmoja, hasa sampuli ikiwa ndogo, kwa hiyo kipimo cha Sobel, kinachouchukulia kuwa mgawanyo linganifu wa kawaida, mara nyingi hukosa athari iliyopo. Mimi hupendelea kuchota sampuli upya mara 5,000 kutoka data ileile na kukokotoa a × b kila mara. Katika R, kwa lavaan:

```
library(lavaan)
model <- '
  daftari ~ a*mafunzo
  faida ~ b*daftari + c*mafunzo
  ab := a*b
  jumla := c + ab
'
fit <- sem(model, data = d,
           se = "bootstrap", bootstrap = 5000)
parameterEstimates(fit)
```

Tuseme safu ya ab inatoa masafa ya asilimia 95 kutoka 1,400 hadi 11,900. Sifuri haimo, basi athari hiyo inaungwa mkono na data. Ikiwa masafa ya c yana sifuri, usiandike kwamba mafunzo hayana athari nyingine yoyote. Huenda sampuli ni ndogo tu.

Jambo ninalolisisitiza zaidi kwa wanafunzi wangu ni b. Hata kama mafunzo yaligawiwa kwa kura, hakuna aliyepigiwa kura ya kuandika daftari. Mwenye faida kubwa anaweza kumwajiri msaidizi, akapata nafasi ya kuandika, na data ya siku moja haiwezi kutenganisha hali hiyo na ile ya daftari kuongeza faida. Daftari lipimwe kabla ya faida, na faida ya awali iingizwe katika rigresheni zote mbili.