Ethosi haimo katika wasifu wa msemaji

Nimesahihisha majibu mengi ya mtihani yanayochambua hotuba aliyoitoa Nelson Mandela mahakamani Pretoria tarehe 20 Aprili 1964, na kosa moja hurudi kila mara: mtahiniwa huandika kwamba Mandela ametumia ethosi kwa sababu alikuwa rais na alipata Tuzo ya Nobeli. Siku ile hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa mshtakiwa katika kesi ya Rivonia, na adhabu iliyomkabili ilikuwa kifo.

Kwa ufupi, ethosi ni ushawishi unaotokana na kuaminika kwa msemaji, pathosi unatokana na hisia anazoziamsha kwa wasikilizaji, na logosi unatokana na hoja zenyewe.

Neno ethosi kwa Kigiriki lina maana ya tabia, nalo lina undugu na neno la mazoea. Aristoteli, aliyeipanga migawanyo hii mitatu, alisisitiza kwamba imani hiyo lazima izalishwe na hotuba yenyewe, wala si na maoni ambayo watu walikuwa nayo juu ya msemaji kabla hajafungua kinywa. Msemaji huaminika anapoonyesha, kwa maneno yake, busara, uadilifu na nia njema kwa wanaomsikiliza. Kwa hiyo sifa njema ya mtu ni habari ya nje ya matini, ilhali ethosi huonekana ndani yake, na ndiyo sababu mtahini hudai ushahidi wa maneno.

Ushahidi huo upo tele. Mandela anaanza kwa kutaja shahada yake na kazi yake ya uwakili, kisha papo hapo anasema kwamba ni mfungwa anayetumikia kifungo cha miaka 5. Baada ya hapo anakiri kwamba alipanga hujuma, ila anaeleza kwamba hakuzipanga kwa pupa wala kwa kupenda vurugu, bali baada ya kuitafakari kwa utulivu hali ya kisiasa. Anayekiri jambo linaloweza kumponza hujijengea haki ya kusadikiwa anapokana mengine, na hapo ndipo ethosi ilipo. Anapopima njia nne za mapambano na kueleza kwamba hujuma ilichaguliwa kwa kuwa haikuhusisha kupoteza maisha ya watu, amehamia kwenye logosi, ingawa utulivu wa hoja hiyo unaendelea kuilisha ethosi yake.

Hivyo, badala ya kuandika kwamba Mandela ana ethosi kwa kuwa ni kiongozi mashuhuri, mtahiniwa angeandika hivi: "Kwa kukiri hujuma mwanzoni kabisa, Mandela anajionyesha kuwa mkweli hata pale ukweli unapomdhuru, na hivyo anamwandaa jaji kuyapokea makanusho yatakayofuata."