Damu Isiyouma: Kondo la Nyuma Linapokaa Mlangoni

Mama mmoja wa Wilaya ya Bahi aliamka saa tisa usiku akidhani mtoto wake mdogo amekojoa kitandani. Alipowasha tochi ya simu akakuta khanga imelowa damu nyekundu kabisa, mbichi, kama ya kidole kilichokatwa na kisu. Tumbo halikumuuma hata kidogo, na mtoto tumboni alikuwa akicheza. Mimba ilikuwa na wiki 31, ya nne kwake, na mtoto wake wa tatu alikuwa amezaliwa kwa upasuaji. (Mama huyu nimemuunganisha kutoka kwa wagonjwa kadhaa tuliowapokea, ili asitambulike yeyote.)

Kulipokucha damu ilikuwa imekoma. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, ingekuwa jambo baya ungeumwa tumbo. Pumzika tu." Ushauri huo ulitoka kwa mtu anayempenda, tena mwenye uzoefu wa kuzaa watoto saba. Khanga ikafuliwa, maisha yakaendelea.

Kukosea huku nakuona mara nyingi kuliko kosa jingine lolote katika tatizo hili, na chanzo chake ni hicho kipimo cha maumivu. Tumezoea kuamini kwamba hatari huuma. Damu ya kondo la nyuma lililokaa chini haiumi, na kwa kawaida ile ya kwanza hukoma yenyewe.

Kondo la nyuma hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, mara nyingi sehemu ya juu. Kwa baadhi ya akina mama hujishikiza chini, likafunika mlango wa kizazi ambao ndio njia ya mtoto kutokea. Mimba ikiwa changa halisumbui. Lakini katika miezi ya mwisho sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi huanza kuvutika na kuwa nyembamba, na mlango hulainika. Ukuta unavutika, kondo halivutiki, kwa hiyo kipande chake hubanduka na mishipa ya mama hubaki wazi. Kwa kuwa hakuna uchungu wala damu iliyojifungia ndani ikisukuma, mama hasikii kitu. Damu hutoka moja kwa moja nje, ndiyo maana ni nyekundu ya kung'aa.

Tatizo la pili ni kwamba sehemu hiyo ya chini ina misuli michache. Kule juu, misuli hukaza na kuibana mishipa iliyopasuka. Huku chini hukaza kidogo tu. Damu ya kwanza ikikoma, imezuiwa na bonge dogo la damu iliyoganda, na ukuta bado unaendelea kuvutika. Damu inayofuata mara nyingi huwa nyingi zaidi. Inaweza kuja baada ya siku mbili au baada ya wiki nne. Hakuna mganga wala daktari anayeweza kukutajia siku.

Kwa mama wetu ilikuja siku ya 12, mchana, akiwa anapepeta mtama. Safari hii ilitiririka hadi miguuni. Mume akampakia kwenye bodaboda hadi zahanati, na hapo muuguzi alifanya mambo yaliyomwokoa. Aligusa tumbo kwa nje akalikuta laini, na kichwa cha mtoto kikielea juu badala ya kushuka kwenye nyonga, kwa sababu kondo lilikuwa limekalia nafasi yake. Tumbo gumu kama ubao, lenye maumivu makali na damu nyeusi kidogo, lingemfanya afikirie kondo lililobanduka kabla ya wakati, ambalo nalo ni dharura. Akaweka kanula mbili nene, akaanzisha dripu, akapiga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura.

Na hakuingiza kidole ukeni kupima njia. Mama mwenye damu katika miezi mitatu ya mwisho hapimwi njia kwa kidole mpaka altrasaundi ionyeshe kondo liko wapi. Kidole kikipenya mlangoni hukutana na kondo lenyewe, na dakika chache zinatosha kumpoteza mama, maana mimba ikikaribia kutimia zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Ukimsindikiza ndugu yako na ukaona mtu anavaa glovu kwa kazi hiyo, una haki ya kuuliza kwa heshima, "Sista, je, kondo limeshaangaliwa kwa picha?" Kwa sababu hiyo hiyo, mama huyu hapaswi kukutana kimwili na mumewe, wala kuweka dawa yoyote ukeni, ya kienyeji au ya dukani.

Alipofika hospitali mjini Dodoma presha yake ilikuwa karibu ya kawaida. Hilo halikututuliza. Mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo anaweza kupoteza lita nzima presha ikiwa bado inaridhisha. Mapigo ya moyo kwenda mbio, kiu, jasho la baridi na kizunguzungu hutangulia. Wingi wa damu ulikuwa 6.8, yaani umeshuka sana. Altrasaundi ikaonyesha kondo limefunika mlango wote.

Hapo ndipo tulipofungua kadi yake ya kliniki. Katika wiki ya 22 alipigwa altrasaundi na ikaandikwa kwamba kondo liko chini, arudi wiki ya 32. Hakurudi: nauli ilikosekana, mavuno yalimbana, na hakuna aliyemweleza sababu ya kurudi. Nisiwatishe akina mama hapa: takribani 9 kati ya 10 wanaoambiwa hivyo katikati ya mimba hukuta kondo limesogea mbali na mlango kadiri mfuko unavyokua. Kipimo cha pili ndicho hutenganisha hao tisa na yule mmoja.

Aliongezewa chupa mbili za damu, na akachomwa sindano nne za deksamethasoni, moja kila baada ya saa 12, kukomaza mapafu ya mtoto endapo tungelazimika kumtoa mapema. Damu ikakoma. Safari hii hakurudi nyumbani; alikaa wodini wiki tatu na zaidi, akilalamika, kwa haki kabisa, kwamba haumwi popote. Shemeji zake wawili walikuja kuchangia damu. Mimba ilipofika wiki 36 alifanyiwa upasuaji wa kupangwa, mchana, daktari bingwa na mtaalamu wa usingizi wakiwepo na damu ikiwa tayari. Kondo likifunika mlango, mtoto hapiti njia ya kawaida.

Hofu yetu kubwa ilikuwa lile kovu la zamani. Kondo likikaa juu ya kovu la upasuaji laweza kuzama ndani ya nyama ya kizazi likakataa kubanduka. Kwa mama mwenye kovu moja na kondo mlangoni, hilo hutokea kwa takribani 1 kati ya 10, na mara nyingi kizazi huondolewa. Lake lilibanduka vizuri. Mtoto wa kike, kilo 2.4, alilia kabla hatujakata kitovu.

Sasa ana makovu mawili. Kwenye kadi yake tumeandika kwa wino mwekundu: mimba ijayo, altrasaundi mapema kutazama kondo lilipo, na damu yoyote, hata tone lililokoma, hospitali siku hiyo hiyo.