Watoto 300, vijiji sita: dhana potofu kuhusu majaribio ya makundi

Mwanafunzi mmoja aliniletea andiko lake la utafiti akiwa na haraka ya kulipeleka kamati ya maadili. Alitaka kujua kama kuweka wavu madirishani na kuziba mianya iliyo kati ya ukuta na paa kunapunguza vimelea vya malaria kwa watoto. Vijiji 12 vingepigiwa kura ya bahati: sita nyumba zake zingekarabatiwa mara moja, na sita vingesubiri hadi utafiti uishe. Kila kijiji kingetoa watoto 50 wa kupimwa damu, yaani 300 kwa kila upande.

Hesabu yake ilikuwa safi. Alitarajia maambukizi yashuke kutoka asilimia 30 hadi 20. Kwa nguvu ya asilimia 80, yaani nafasi ya kuiona tofauti iliyopo kweli, na kiwango cha kosa cha asilimia 5, yaani nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo, kanuni ya kawaida inadai watoto 291 kila upande. Yeye alikuwa na 300, na akaona amepita.

Kanuni ile imeandikwa kwa ajili ya jaribio ambalo kila mtoto anapigiwa kura peke yake. Hapa kura ilipigiwa vijiji, na dhana karibu zote ninazokutana nazo katika maandiko ya aina hii zinatoka kwenye kusahau tofauti hiyo.

Dhana: watoto 300 ni watoto 300, wametoka wapi haijalishi.

Watoto wa kijiji kimoja wanaumwa na mbu wa bwawa lilelile, wanatibiwa zahanati moja, na wazazi wao walipata vyandarua katika ugawaji uleule. Ukishawapima kumi wa kwanza, wa kumi na moja hakuambii jambo jipya kama ambavyo angekuambia mtoto wa kijiji kingine. Kiasi cha kufanana huko ndicho kinachopimwa na ρ, yaani uwiano wa ndani ya kundi: katika mtawanyiko wote wa matokeo, ni sehemu gani inatokana na tofauti kati ya kijiji na kijiji. Ikiwa ni 0, kuishi kijiji kimoja hakuna maana yoyote. Ikiwa ni 1, watoto wote wa kijiji wana jibu moja, na kupima mmoja kunatosha.

Kutokana na ρ tunapata athari ya usanifu, yaani idadi ya kuzidishia sampuli ili kufidia ufanano huo. Herufi m ni idadi ya watu wanaopimwa katika kila kundi:

```
DE = 1 + (m - 1) * ρ
```

Kwa watoto 50 na ρ ya 0.05, DE ni 1 + 49 × 0.05, yaani 3.45. Watoto 300 wa mwanafunzi wangu, wakigawanywa kwa 3.45, wana uzito wa watoto 87 waliopigiwa kura mmojammoja. Alihitaji 291.

Dhana: ρ ya 0.05 ni ndogo mno, inaweza kuachwa.

Hili ndilo neno la kwanza alilonijibu, na simlaumu. Tumezoea kusoma uwiano wa 0.05 kama "hakuna uhusiano". Lakini hebu tuigeuze namba hiyo iwe kitu cha kuonekana. Maambukizi yakiwa asilimia 30, mtawanyiko wote ni 0.3 × 0.7, yaani 0.21. Asilimia tano yake ni 0.0105, na kipeuo chake cha pili ni takriban 0.10. Maana yake, vijiji vinatofautiana kwa mkengeuko wa asilimia 10 hivi juu na chini ya wastani. Ukienda mikengeuko miwili kila upande, utakuta kijiji chenye asilimia 10 na kingine chenye asilimia 50.

Aliyewahi kupima malaria vijijini hatashangazwa na tofauti hiyo. Kijiji cha bondeni na cha mlimani vinaweza kutofautiana hivyo huku vikitazamana. Basi 0.05 ni hali ya kawaida kabisa ya nchi yenye mabonde na milima.

Halafu ρ haifanyi kazi peke yake, inazidishwa na ukubwa wa kundi. Kwa tukio la nadra ρ inaweza kuwa 0.002, namba ambayo macho yanaisoma kama sifuri. Ukipima watu 700 katika kila kundi, DE inakuwa 2.4, na sampuli yako inapaswa kuzidi mara mbili.

Dhana: sampuli ikipungua, tuongeze watoto katika vijiji vilevile.

Kila mtu hukimbilia hapa, kwa sababu gari limeshafika kijijini, mafuta yameshachomwa, na mwenyekiti wa kijiji ameshatoa ruhusa. Mtoto wa 51 ni rahisi kuliko kijiji cha saba. Tatizo ni kwamba mtoto huyo analeta habari kidogo sana.

Tazama kijiji kimoja kikiwa na ρ ya 0.05. Watoto 50 wana uzito wa 14.5. Ukipima 100, uzito unapanda hadi 16.8 tu. Ukipima 1,000, unapata 19.6. Kuna dari, na dari hiyo ni 1 gawanya kwa ρ, hapa 20. Kijiji hakiwezi kuzidi uzito wa watoto 20 hata ukimpima kila aliyezaliwa humo. Vijiji sita kwa hiyo vinaishia 120, na hitaji ni 291. Hakuna idadi ya watoto itakayoliokoa andiko lile, kwa sababu limekwama kwenye vijiji.

Nilimfungulia programu ya R nikamwonyesha kwa mistari miwili:

```r
n <- 291; rho <- 0.05; m <- c(10, 20, 50, 100, 1000)
ceiling(n * (1 + (m - 1) * rho) / m)
```

Jibu linatoka `43 29 21 18 15`, idadi ya vijiji kwa kila upande. Kwa watoto 10 kila kijiji unahitaji vijiji 43, na kwa watoto 50 unahitaji 21. Kutoka 100 hadi 1,000 umezidisha vipimo vya kila kijiji mara kumi, umepunguza vijiji vitatu. Chini ya 15 huendi kamwe, kwani 291 × 0.05 ni 14.55. Mimi huanza na zidisho hilo kabla ya jingine lolote: idadi ya kawaida kwa kila upande, mara ρ. Vijiji vyako vikiwa pungufu ya hapo, funga daftari.

Ongeza pia kijiji kimoja kila upande, kwa sababu makundi yakiwa machache tunatumia mgawanyo wa t, nao ni mkali kuliko ule wa kawaida. Na kama vijiji vinatofautiana sana kwa ukubwa, kanuni ya juu inakudanganya kwa upande wa matumaini. Wastani ukiwa 50 na mkengeuko ukiwa asilimia 60 ya wastani huo, DE inapanda kutoka 3.45 hadi 4.35.

Dhana: basi jaribio lenye makundi sita kila upande haliwezi kufaulu.

Aliponiuliza hivi alikuwa na mfano mkononi, tena wa hapa Tanzania. Jaribio la Mwanza, lililochapishwa mwaka 1995, liliuliza kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Lilikuwa na jamii 12, sita kila upande, na katika kila moja wakachaguliwa watu wazima wapatao 1,000. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 upande wa tiba iliyoboreshwa na asilimia 1.9 upande wa pili. Ni punguzo la karibu asilimia 40, na halikuwa la kubahatisha.

Kura ya mtu mmojammoja haikuwezekana pale. Kilichobadilishwa ni kituo chenyewe, mafunzo ya wahudumu wake na upatikanaji wa dawa, na mgonjwa aliyepona anamkinga mwenzi wake ambaye hakufika kituoni.

Kilichowasaidia ni jozi. Kabla ya kura, jamii zilioanishwa kwa kufanana: za visiwani kwa za visiwani, za barabarani kwa za barabarani, huku wakitazama pia hali ya magonjwa ya zinaa. Kura ikapigwa ndani ya kila jozi. Tofauti kubwa kati ya kisiwa na kijiji cha bara ikaondolewa kwenye hesabu, ikabaki ile ndogo kati ya ndugu wawili. Jozi zote sita zilionyesha maambukizi machache upande wa tiba. Kama ni sarafu, kupata sita zote zikielekea upande mmoja ni nafasi moja katika 32.

Kuoanisha nako kuna gharama. Jozi sita zinakuachia digrii huru tano tu, na kizingiti cha t, ambacho matokeo lazima yakivuke ili yasihesabiwe kuwa ya bahati, kinapanda kutoka 2.23 cha vikundi visivyooanishwa hadi 2.57. Ukioanisha kwa sifa isiyohusiana na matokeo, umelipa bila kupata kitu.

Dhana: athari ya usanifu ni ya kukokotoa sampuli, uchambuzi utafanywa kama kawaida.

Kosa hili ni baya kuliko yote, maana linazaa habari njema za uongo. Ukichambua watoto 300 kwa 300 kana kwamba hawahusiani, kosa sanifu lako linakuwa dogo kuliko linavyostahili. DE ikiwa 3.45, kosa la kweli ni kubwa mara 1.86. Kizingiti chako cha 1.96 kwa kweli ni 1.05 tu. Ukarabati usiosaidia chochote utaonekana umesaidia au umedhuru mara 29 kati ya 100, wakati wewe unaamini ni mara tano.

Njia rahisi ya kuepuka ni kukokotoa kiwango cha maambukizi kwa kila kijiji, kisha kulinganisha namba hizo 12 kwa jaribio la t. Inaonekana ya kienyeji, lakini makundi yakiwa machache inaaminika kuliko mifumo mingi mizito. Wala usipime kama ρ inatofautiana na sifuri ili uiache ikishindwa. Makundi yakiwa machache, kipimo hicho kinaweza kushindwa kuiona ρ iliyopo kweli. Vivyo hivyo, ρ iliyokokotolewa kwenye utafiti mdogo wa awali wa vijiji vinne inaweza kutoka hata hasi. Tafuta kadhaa zilizochapishwa kwa ugonjwa huohuo na umri huohuo, kisha fanya hesabu kwa ile ya kati na kwa ile kubwa.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki tatu. Vijiji 22 kila upande, watoto 50 kila kijiji, na bajeti iliyomfanya msimamizi wake avue miwani. Walikaa wakakata watoto hadi 30: DE ikawa 2.45, hesabu ikatoa vijiji 24, pamoja na kile cha nyongeza 25. Vijiji sita zaidi kwa jumla, lakini vipimo vya damu vikashuka kutoka 2,200 hadi 1,500.