Tafsiri sisisi: "he" anapokosa kiti

Tafsiri sisisi ni kufasiri neno kwa neno, maneno yakibadilika huku muundo wa lugha ya kwanza ukibaki vilevile. Tanzania, ambako mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, mimi huiona zaidi kwenye majibu ya Kiingereza ya kidato cha kwanza na cha pili, na chanzo chake mara nyingi ni viambishi vya kitenzi.

Chukua sentensi hii: "The teacher he gave us the books which we read them." Tahajia yake haina kasoro hata moja. Kichwani mwa mwanafunzi ilikuwa: Mwalimu alitupa vitabu ambavyo tulivisoma. Kwenye "alitupa", a- ni mwalimu na -tu- ni sisi. Kwenye "tulivisoma", -vi- ni vitabu. Ile a- haiangushwi hata kama mwalimu ameshatajwa, maana "mwalimu litupa" si Kiswahili. Basi mtoto anaihamisha ikawa "he", na -vi- ikawa "them".

Kiingereza kina kiti kimoja cha mtenda katika kila kishazi. Akishakikalia "the teacher", "he" hana pa kukaa. Vitabu navyo vimeshawakilishwa na "which", kwa hiyo "them" imezidi. Lakini "us" inabaki, kwa sababu hakuna neno jingine linalotutaja sisi. Ndiyo maana kumwambia mwanafunzi asitafsiri viambishi hakumsaidii: ataondoa na "us". Afadhali aulize kwa kila kiwakilishi: huyu au hiki kimeshatajwa ndani ya kishazi hikihiki? Kama ndiyo, afute. Sentensi mpya ikianza, "He was happy", kiwakilishi kinakaa.

Kosa la "them" huwa sugu zaidi tunapozungumzia watu: "the man whom I saw him". Kwa vitu tunaweza kusema "kitabu nilichosoma" bila kuongeza -ki-. Kwa mtu hatuna hiari hiyo, ni "niliyemwona", na mtu akisema "mtu niliyeona" sikio linakwaruzika. Mtoto aliyezoea kuweka -m- kila siku hawezi kuiacha kirahisi akiingia chumba cha mtihani.

Kuna na kinyume chake. "Ni vizuri kusoma" hugeuka "Is good to read", kwa sababu "ni" haina kiambishi cha nafsi cha kuhamisha. Aliyejaza "he" pasipotakiwa sasa ameacha "it" panapotakiwa. Hapa lile swali la kufuta halifanyi kazi. Aangalie kabla ya "is": kile kiti cha mtenda kiko wazi, na Kiingereza hukijaza hata pale ambapo hakuna mtenda wa kumtaja.