Logo iliyopotea kati ya Jumanne na Jumatano

Mama mmoja wa kwaya hapa Birere, mjini Goma, aliniletea logo ya kuweka kwenye afishi ya A3. Ilikuwa na upana wa pikseli 800. Nilipoibandika kwenye Photoshop akaniambia, "Mdogo wangu, ipunguze, inafunika uso wa mhubiri." Nikaishusha hadi asilimia 20, nikathibitisha, nikahifadhi, nikafunga kompyuta. Kesho yake akarudi: "Sasa haionekani. Irudishe vile ilikuwa." Nikaivuta, na herufi zote zikaingia ukungu.

Kosa lilikuwa langu, tena lilifanyika Jumanne, siyo Jumatano. Kitu unachobandika kwenye Photoshop huwa tabaka la pikseli tu. Ukikipunguza na kuthibitisha, pikseli zinazozidi zinatupwa. Upana wa 800 ukabaki 160. Nilipourudisha, kila pikseli moja ilibidi ijaze nafasi ya 25, na programu ikazijaza kwa kukisia rangi za kati ya jirani na jirani. Ule ukungu ndio makisio yenyewe.

Siku hizi, kabla ya kugusa ukubwa, nabonyeza tabaka kwa kitufe cha kulia na kuchagua `Convertir en objet dynamique` (kwa wenye Photoshop ya Kiingereza ni `Convert to Smart Object`). Hapo logo ya pikseli 800 inahifadhiwa nzima ndani, na ninachokiona kwenye afishi ni sura yake tu. Nikiishusha na kuipandisha mara kumi, kila mara sura inachorwa upya kutoka kwenye ile ya ndani.

Lakini mpangilio una maana. Ukipunguza kwanza ndipo ugeuze, unafungia ndani pikseli 160, na hizo ndizo zitakuwa asili yako. Kujua umefanya lipi, bonyeza `Ctrl+T` utazame asilimia za upana na urefu juu. Tabaka la kawaida husema 100% kila unapolirudia, hata kama limeharibika. Kilichogeuzwa mapema kinakumbuka: kitasoma 20%. Usikivute kupita 100%.

Maana hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Kwa dpi 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi, pikseli 800 ni sentimita 6.8 hivi za karatasi. Yule mama baadaye alitaka sentimita 20, yaani pikseli 2,362. Hakuna objet dynamique itakayozileta kama hazimo. Nilimwomba amtafute aliyechora logo, atume PDF ya vekta, yaani iliyochorwa kwa mistari badala ya pikseli. Hiyo, ikiingizwa kwa `Importer et incorporer`, inakua bila ukungu. Kama ni picha, itumwe kwenye WhatsApp kama `Document`, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa njiani.

PDF ilifika jioni. Logo ikawekwa sentimita 20, na uso wa mhubiri tukausogeza kushoto.